Kemia ya 2A si Kemia ya 2B: nani ana ruhusa ya kuandika alama?

Siku moja kabla ya shule kufungwa mwezi wa Juni, mwanafunzi wa Kidato cha Pili alibisha hodi kwenye ofisi ya taaluma ya shule moja ya sekondari ya kata, mkoani Tanga. Mkono mmoja alishika ripoti yake ya muhula, mkono wa pili karatasi yake ya mtihani wa Kemia. Kwenye karatasi kulikuwa na 78 kwa wino mwekundu, na chini yake saini ya mwalimu. Kwenye ripoti, Kemia ilikuwa 33.

Mwalimu wa taaluma wa shule hiyo ni shangazi yake mwenzetu mmoja hapa chamani. Na mfumo uliochapa ile 33 tuliuandika sisi, watu watatu wa chama hiki, katika likizo ya Pasaka. Shangazi alikuwa amechoka kukusanya alama kwa karatasi na kuzipiga mwenyewe kwenye Excel mpaka usiku wa manane. Tulimjengea ukurasa ambao kila mwalimu anaufungua kwa simu yake, anaingia kwa nywila yake, anajaza alama za somo lake, na ripoti zinajitoa zenyewe. Alitupa sharti moja tu: "Kila mtu aguse cha kwake. Sitaki mwalimu wa Historia akutwe kwenye alama za Hisabati."

Tulimjibu kwamba hilo ni jambo dogo, na ndilo tulilolikosea. Tunaeleza hapa tulivyolikosea, kwa sababu kosa lenyewe ni rahisi kulifanya na gumu kuliona, na wenzetu kadhaa chamani wameshaombwa na ndugu zao watengeneze mfumo kama huu.

Kwanza, uzito wa ile 33

Kwa msomaji aliyesomea Uingereza tangu chekechea, tofauti ya 78 na 33 katika somo moja inaweza kuonekana ni ya kusikitisha tu. Shangazi yake mwenzetu alitukalisha kwenye simu akatupigia hesabu.

Shule ile hupanga matokeo ya muhula kwa utaratibu ule ule wa Baraza la Mitihani. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Kila herufi ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa, na mwenye pointi chache ndiye aliye juu. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 ni la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 na 35 ni sifuri.

Binti yule alikuwa na masomo tisa. Kemia A, Biolojia B, Kiswahili B, na sita yaliyobaki, yaani Fizikia, Hisabati, Kiingereza, Historia, Jiografia na Uraia, yote C. Ukichukua saba bora unapata 1, 2, 2, na C nne za pointi 3 kila moja. Jumla ni 17, daraja la kwanza kwa ncha ya ukucha.

Sasa Kemia igeuze iwe 33. Inakuwa D, haiingii tena katika saba bora, na nafasi yake inachukuliwa na C nyingine. Jumla inakuwa 2, 2, na C tano, yaani 19. Daraja la pili. Ripoti hiyo ndiyo anayoipeleka nyumbani, na ndiyo wazazi wanayoitazama wanapoamua kama bado inafaa kumlipia masomo ya ziada ya sayansi.

"Huyu amekuja kwa sababu anajiamini," shangazi alisema. "Wako wangapi walioikubali 33 yao wakarudi nyumbani kimya?"

Wizi haukuwepo

Wazo letu la kwanza lilikuwa baya: kuna mtu kaiba nywila. Tukaomba nakala ya alama zote za Kemia za Kidato cha Pili. Kidato hicho kina mikondo miwili, 2A yenye wanafunzi 44 na 2B yenye 42. Tulipoziweka safu mbili sambamba, tuliona jambo la ajabu. Mwanafunzi wa kwanza wa 2A alikuwa na alama sawasawa na wa kwanza wa 2B. Wa pili na wa pili, vivyo hivyo. Zilikwenda pamoja mstari kwa mstari mpaka wa 42. Wanafunzi wawili wa mwisho wa 2A, wa 43 na wa 44, ndio peke yao waliokuwa na alama zinazolingana na karatasi zao.

Hapo hata asiyejua kompyuta anaelewa. Mtu alichukua safu nzima ya alama za 2B na kuibandika juu ya 2A. Kwa kuwa 2B ina watu 42, wawili wa mwisho wa 2A hawakufikiwa.

Aliyefanya hivyo alijitokeza mwenyewe shangazi alipouliza kwenye kikao cha walimu. Ni mwalimu anayefundisha Biolojia 2A, Biolojia 2B na Kemia 2B. Kemia ya 2A ina mwalimu mwingine, ambaye alikuwa ameshajaza alama zake siku mbili kabla. Ukurasa wetu ulikuwa na visanduku viwili vya kuchagua: kimoja cha somo, kimoja cha mkondo. Mwalimu huyu alichagua Kemia. Kisanduku cha mkondo kilikuwa kimejiweka chenyewe kwenye 2A, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na kwenye kioo cha simu ndogo hakuliona hilo. Akabandika safu yake, akabonyeza "Hifadhi", na mfumo ukamwambia "Imehifadhiwa". Baadaye alipoona 2B bado ni tupu, alidhani mtandao ulikatika, akajaza tena, safari hii mahali pake.

Swali basi halikuwa kwa nini mwalimu alikosea, kwani kila mtu hukosea. Swali ni kwa nini mfumo uliandikwa makusudi ili kumzuia, na haukumzuia.

Orodha mbili, au jozi?

Tulikuwa tumemwekea kila mwalimu orodha mbili. Ya kwanza ni masomo anayofundisha. Ya pili ni mikondo anayofundisha. Mfumo uliuliza maswali mawili kabla ya kuhifadhi: Je, somo hili limo katika masomo yake? Je, mkondo huu umo katika mikondo yake? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, alama zinapokelewa.

Mpime mwalimu wetu. Je, anafundisha Kemia? Ndiyo, kule 2B. Je, anafundisha 2A? Ndiyo, Biolojia. Mfumo ukaridhika. Kila jibu peke yake lilikuwa kweli, lakini ukiyaunganisha yalisema uongo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumpa Kemia ya 2A.

Masomo mawili ukiyazidisha kwa mikondo miwili unapata vyumba vinne. Mwalimu huyu alipewa funguo za vitatu. Orodha zetu mbili zilimfungulia vyote vinne. Mwalimu mwenye masomo mawili na mikondo minne angefunguliwa vyumba vinane, hata kama ratiba inampa vitano tu.

Ndipo tulipojiuliza: tuliujaribu mfumo kabla ya kuukabidhi, kwa nini hatukuona? Tuliujaribu kwa jina la mwalimu wa Kiswahili, anayefundisha somo hilo moja katika mikondo yote miwili. Kwake yeye orodha mbili na jozi halisi ni kitu kimoja: somo moja mara mikondo miwili ni vyumba viwili, na vyote ni vyake. Mwalimu wa somo moja hawezi kukuonyesha kosa hili hata ukimjaribu mwaka mzima. Na walimu wa sekondari Tanzania kwa kawaida husomea masomo mawili ya kufundishia. Yaani tulimchagua kwa majaribio mtu ambaye hafanani na wenzake wengi ofisini.

Dawa ni kuacha orodha mbili na kuweka jedwali moja la ugawaji, ambalo kila mstari wake ni jozi: mwalimu huyu, somo hili, mkondo huu. Shuleni jedwali hilo lipo tayari, limebandikwa ukutani katika ofisi ya taaluma tangu Januari. Ni ule mgawanyo wa vipindi. Sisi tulikuwa tumeuchukua, tukaukata vipande viwili, na katika kuukata tukapoteza habari muhimu kuliko zote, kwamba somo gani linakwenda na mkondo gani.

Mistari ya mwalimu wetu sasa ni mitatu, na mitatu tu: Biolojia 2A, Biolojia 2B, Kemia 2B. Kwenye ukurasa wake havipo tena visanduku viwili. Kuna vitufe vitatu vyenye majina hayo kamili, na "Kemia 2A" haionekani popote.

Kuficha kitufe si kufunga mlango

Hapa tulitaka kusherehekea. Mwenzetu anayesoma uhandisi wa kompyuta akatuzuia. Aliingia kwa nywila ya majaribio ya mwalimu yule, akabonyeza kitufe cha Kemia 2B, kisha akatazama juu ya kioo, pale penye anwani ya ukurasa. Mwisho wake ulikuwa hivi:

```
/alama?somo=KEMIA&mkondo=2B
```

Akafuta 2B, akaandika 2A, akabonyeza. Ukurasa wa Kemia 2A ukafunguka, majina yote 44, tayari kuandikwa. Kitufe hakikuwepo, lakini mlango ulikuwa wazi.

Hili ni kosa la pili, na ni pacha wa lile la kwanza. Tulikuwa tumeliweka sharti kwenye kioo, mahali ambapo mtumiaji anaona, badala ya kuliweka mahali ambapo alama zinaandikwa. Kitufe kilichofichwa kinamsaidia mwalimu mwaminifu asikosee. Hakimzuii mwenye nia nyingine, wala hakimzuii mwanafunzi mjanja aliyeokota simu ya mwalimu.

Kwa hiyo swali la ruhusa lazima liulizwe tena, kwenye seva, katika amri ile ile inayobadilisha alama. Amri yetu ikawa hivi:

```sql
UPDATE alama a
SET    pata = 78
WHERE  a.mwanafunzi = '2A-017'
  AND  a.mtihani = 'JUNI'
  AND  a.somo = 'KEMIA'
  AND  EXISTS (
    SELECT 1 FROM ugawaji u
    WHERE u.mwalimu = 'M04'
      AND u.somo   = a.somo
      AND u.mkondo = a.mkondo
  );
```

Kwa asiyezoea lugha hii: badilisha alama ya mwanafunzi huyu katika mtihani huu na somo hili, lakini ikiwa tu katika jedwali la ugawaji kuna mstari mmoja ambao mwalimu, somo na mkondo vyote vinakutana. Neno muhimu ni "mstari mmoja". Orodha zetu za zamani ziliridhika kuviona vitu hivyo katika mistari tofauti.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo, na yote mawili yalitukwaza. La kwanza ni mahali zinapotoka habari. Namba ya mwalimu, M04, haitoki kwenye fomu aliyojaza, maana angeweza kuandika namba ya mwenzake. Inatoka kwenye kumbukumbu ya kuingia kwake. Na mkondo hautoki kwenye anwani ya ukurasa. Unatoka kwenye rekodi yenyewe ya alama, ambayo inajua mwanafunzi 2A-017 yuko wapi. Ukimwuliza mgeni mlangoni "Una ruhusa ya chumba gani?" halafu ukaamini jibu lake, hujamlinda mtu.

La pili ni ukimya. Mwalimu asiye na ruhusa akituma amri hii, hifadhidata hailalamiki. Inajibu kwa utulivu `UPDATE 0`, yaani mistari iliyobadilika ni sifuri. Katika toleo letu la kwanza la marekebisho, ukurasa uliona hakuna kosa, ukaandika "Imehifadhiwa". Mwalimu angeondoka akiamini alama zake zimeingia, kumbe hakuna hata moja. Sasa tunahesabu. Ukituma alama 42 na mistari iliyobadilika si 42, unaambiwa wazi ni wangapi wamekataliwa na ni akina nani.

"Mnanifungia mlango wa nyumba yangu?"

Tulipomweleza shangazi utaratibu mpya, alifurahi mpaka tulipofika kwake yeye. Katika jedwali la ugawaji ana mstari mmoja tu, Jiografia 4A, kwa sababu hilo ndilo somo analofundisha. Maana yake hawezi kubadilisha alama za somo lingine lolote.

"Wanangu," alisema, "mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Mnanifungia mlango wa nyumba yangu?"

Tulimjibu kwa adabu kwamba kuona na kuandika ni ruhusa mbili tofauti. Ataona alama za shule nzima. Mwalimu wa darasa ataona masomo yote ya darasa lake, kwa kuwa ndiye anayeandika maoni kwenye ripoti. Lakini anayeiandika alama ni yule aliyesahihisha karatasi.

Hakukubali mara moja, na hoja yake ilikuwa ya kweli kuliko nadharia yetu. Walimu wawili pale wana simu za vitufe tu. Umeme hukatika wiki ya mitihani. Mwalimu mmoja alilazwa akiwa na karatasi zilizosahihishwa mezani. Katika hali kama hizo ni nani anayepiga alama, kama si yeye? Tukimnyima njia, walimu watampa nywila zao, naye ataingia kwa majina yao. Hapo mfumo mzima utakuwa umeanguka bila mtu yeyote kuuvunja, kwa sababu kila rekodi itasema "mwalimu fulani aliandika" na haitakuwa kweli.

Tulichokubaliana ni hiki. Mwalimu wa taaluma anaweza kuingiza alama kwa niaba ya mwalimu mwingine, lakini kwenye ukurasa wa pekee, na rekodi inabeba majina mawili: mwenye alama na aliyezipiga. Mwenye alama anapelekewa ujumbe kwenye simu, hata ya vitufe, kwamba alama zake 44 za somo fulani zimeingizwa na nani. Kisha anasaini orodha iliyochapishwa. Mpaka asaini, ripoti za mkondo huo hazitoki.

Na tarehe ya mwisho ikipita, orodha inajifunga. Mwalimu akitaka kusahihisha, anaomba ifunguliwe. Shangazi anaifungua, lakini mabadiliko anayaandika mwalimu mwenyewe. Yaani mmoja ana ufunguo na mwingine ana kalamu, na alama ya zamani haifutwi, inahamia kwenye jedwali la historia pamoja na mpya, jina na saa. Jedwali hilo hatukuwa nalo mwezi wa Juni. Ndiyo maana alama 42 za Kemia 2A zilibidi zipigwe upya zote kutoka kwenye karatasi ya mwalimu. Asingeitunza karatasi hiyo, zingekuwa zimepotea.

Baada ya wiki moja shangazi alitupigia tena. Mzazi mmoja mwenye sauti mjini alikuwa amefika ofisini akitaka mwanawe "asaidiwe kidogo" kwenye Hisabati. "Nimemwonyesha kioo," alisema akicheka. "Nimemwambia, tazama mwenyewe, mimi hapa sina pa kuandika." Tangu siku hiyo hakutuuliza tena habari za mlango wake.

Tarehe kwenye ruhusa

Jambo la mwisho tulilojifunza lilitokea Agosti. Mwalimu wa Kemia 2A alikwenda likizo ya uzazi, na mwingine akashika nafasi yake. Tulikuwa tunakaribia kufuta mstari wa wa kwanza na kuandika wa pili, tukasita. Ukiufuta, alama za Juni zinabaki bila mwenyewe, na ukija kuhakiki historia, utaona jina la mtu ambaye kwa mujibu wa jedwali hakuwahi kufundisha pale. Ukiuacha, walimu wawili wana kalamu moja.

Kwa hiyo kila mstari wa ugawaji una tarehe mbili, kuanzia na hadi. Wa mwalimu wa kwanza tuliufunga siku aliyoondoka, na wa mbadala wake ukaanza siku inayofuata na kuishia siku mwenzake atakaporudi. Ruhusa ya mbadala inakwisha yenyewe. Haitegemei mtu kukumbuka kuiondoa, kwa sababu kutoa ruhusa watu hukumbuka, kuondoa husahau.

Tarehe hizo zilitupa na njia ya kujikagua. Kila mwisho wa mwezi tunauliza hifadhidata swali moja: tuonyeshe kila badiliko katika historia ambalo mwenye alama, siku ile, hakuwa na mstari wa ugawaji wa somo lile na mkondo ule. Jibu sahihi ni orodha tupu. Mabadiliko ya Juni hayamo katika historia, kwa hiyo kuona kama swali lenyewe linafanya kazi tuliyaandika upya kwa mkono kwenye nakala ya majaribio na kuuliza. Ilirudisha mistari 42.

Namna ya kujaribu mfumo wenu

Kama ndugu yako amekuonyesha mfumo wa alama wa shule yake, huhitaji kuona msimbo wake ili ujue kama una kosa letu. Tafuta mwalimu mwenye masomo mawili na mikondo miwili ambaye hana jozi zote nne. Mwombe akae nawe, aingie kwa nywila yake mwenyewe, kwenye mtihani wa majaribio na si wa kweli. Kisha mjaribu mara nne: jozi yake halali, somo lake katika mkondo ambao halifundishi, mkondo wake kwa somo ambalo si lake, na mwisho somo na mkondo ambavyo vyote si vyake. La kwanza lipokelewe, matatu yakataliwe. Mifumo mingi itakataa la mwisho. Ni la pili ndilo lililotuangusha sisi. Halafu rudia lile la pili kwa kubadilisha anwani juu ya kioo badala ya kubonyeza vitufe. Na kila mara, baada ya mfumo kusema umehifadhi au umekataa, fungua orodha upya uone kama ni kweli.

Hata ukifaulu majaribio yote, ruhusa ina mpaka wake. Mwalimu mwenye haki kamili ya Kemia 2B anaweza kuandika 87 badala ya 78, na hakuna jedwali litakalojua. Hilo linashikwa na mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi yake. Shule inayogawa ripoti bila kurudisha karatasi imemfunga mdomo mkaguzi wake bora.

Na kuna mtu mmoja ambaye masharti yote haya hayamgusi: mwenye nywila ya hifadhidata yenyewe. Yeye hapiti kwenye ukurasa, haulizwi jozi, haachi jina. Kwa miezi mitano watu hao tulikuwa sisi watatu, wanafunzi wa miaka ishirini, maelfu ya kilomita kutoka Tanga, tuliokuwa tukihubiri kila mtu aguse cha kwake. Shangazi ndiye aliyeuliza, kwa upole: "Na ninyi, mstari wenu kwenye jedwali uko wapi?"

Hatukuwa nao. Septemba tuliibadilisha nywila hiyo, tukaifunga kwenye bahasha, na mwenzetu aliyekwenda nyumbani kumsalimia bibi yake akaikabidhi kwa mkuu wa shule mkononi. Iko kwenye sefu ya shule. Tukitaka kurekebisha kitu sasa, tunatuma maandishi ya amri, mwalimu wa kompyuta anayasoma pamoja na shangazi, na wao ndio wanaoyaendesha. Inachukua siku tatu badala ya dakika tatu.

Binti wa 78 alipewa ripoti mpya kabla ya shule kufungwa. Wenzake wa 2A walipelekewa zao nyumbani kupitia viranja, na zilizobaki zikangoja Julai. Shangazi alitutumia picha ya meza yake siku ile: ripoti 42 zimepangwa, juu yake karatasi ya mwalimu wa Kemia, ile ya mkono, ambayo bila yenyewe tusingekuwa na la kuchapa.